Kilima Nyuma ya Shuka

Kwa miaka mingi nimekanusha kwamba sijui kulia na kushoto. Nimewakanushia ndugu zangu, nimemkanushia mwalimu wa udereva, nimemkanushia na mume, ambaye kila aliposema "kata kulia" alidhani nampinga makusudi. Sasa nakubali. Si kwamba sijui kabisa. Najua, ila lazima kwanza niuulize mkono: ni wewe unayeshika kijiko? Mkono ukishajibu ndipo nami najibu, na kwa kawaida gari limeshapita njia panda. Siku moja, tukitoka Kibondo, nilimwambia dereva akate kulia pale Nyakanazi, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Niliamka tuko njiani kuelekea Kahama, wakati Ngara ilikuwa inatungoja upande wa pili.

Naliungama hili mapema kwa sababu kuna jambo lililotokea kambini ambalo mtu mwenye akili ya kawaida angeligundua ndani ya dakika moja. Mimi lilinichukua muda zaidi, na digrii ninayo.

Nilikuwa ofisa habari wa shirika moja lililohudumia wakimbizi wa Burundi. Nilizaliwa Bugarama, Kihangaza ndiyo lugha ya mama yangu, na Kihangaza na Kirundi husikilizana kama majirani wanaoazimana chumvi. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kupewa kazi ile. Digrii ilinisaidia kuandika taarifa. Mama yangu, aliyenisomesha kwa kahawa na maharage, alikuja siku moja kuona ninachofanya. Akaniona nimepiga magoti sakafuni nikichomeka nyaya.

"Umesoma mpaka chuo kikuu uje kuwasha taa?" akauliza.

"Si taa, mama. Ni projekta."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi ni taa."

Taa yangu ilikuwa na masharti mengi. Haikupenda vumbi, na kambi ile ilikuwa vumbi jekundu kuanzia Juni hadi mvua za kwanza, halafu matope. Haikupenda mvua. Na haikupenda watoto. Ukiiweka uwanjani mbele ya pazia, kama wanavyofanya watu wengine wote duniani, watoto wote wa kambi walisimama kwenye mwanga wake kutengeneza sungura na mbwa kwa vidole. Mafunzo ya kuchemsha maji ya kunywa yalionyeshwa kwa miezi kadhaa yakiwa na sungura juu ya sufuria.

Ndipo tukaamua kuonyeshea kwa nyuma. Tulikuwa na ghala dogo la bati lenye mlango mpana. Mlangoni tukatundika shuka jeupe, tukalinyunyizia maji ili lipitishe mwanga vizuri, projekta ikakaa ndani salama na mimi nikakaa nayo. Watu walikaa nje, wakaitazama picha kwa upande wa pili wa shuka. Sungura wakafa siku hiyo hiyo.

Shida ilikuwa moja. Ghala lilikuwa fupi. Projekta ikiwa karibu na shuka, picha inatoka ndogo kama leso. Fundi aliyetuletea vifaa kutoka Mwanza akatuonyesha dawa: iwekeni projekta karibu na mlango, ielekezeni ndani, mwanga uende ukagonge kioo kwenye ukuta wa nyuma, kioo kiurudishe kwenye shuka. Njia ya mwanga inakuwa ndefu mara mbili, na picha inakua. Tukaazima kioo kikubwa kwa kinyozi wa sokoni, kile anachomwonyeshea mteja alichofanywa. Picha ilikuwa na kivuli chembamba pembeni kama mtu anayefuatwa na roho yake, lakini ilikuwa kubwa na kila mtu aliridhika, isipokuwa wateja wa kinyozi.

Kitu kimoja nilikiona tangu mwanzo nikakizoea. Kila nilipowasha, jina la kiwanda lilitokea kwenye shuka kwa sekunde chache, na mimi niliyekuwa ndani nililiona limegeuka kinyume, kama maandishi ya mbele ya gari la wagonjwa. Hata menyu ya projekta niliisoma hivyo hivyo, kwa kubahatisha. Nilidhani ndivyo mashine inavyozeeka.

Kisha zikaja habari za kurejea. Burundi kulikuwa kumetulia kiasi, na ofisi zote zilianza kusema neno "hiari" mara nyingi kuliko salamu. Kurudi ni hiari. Hatukuruhusiwa kumshawishi mtu arudi wala abaki. Kazi yetu ilikuwa kumpa habari za kweli aamue mwenyewe. Basi wakachaguliwa wakimbizi wachache, wakapelekwa kwao kwa gari, wakaona, wakarudi kusimulia. Safari hiyo walifuatana na mtu mwenye kamera. Kila walipofika kwenye kilima, ambacho kwa Warundi ndicho kijiji, alisimama chini kwenye njia akapiga picha kuelekea juu: njia, mashamba, nyumba zilizobaki, watu wanaoishi hapo. Filamu haikuwa na maandishi hata moja, kwa kuwa wakubwa walisema watazamaji wengi hawasomi. Ilikuwa na sauti tu, ya mwanamke anayesema Kirundi kizuri, akitaja kilima baada ya kilima.

Watu waliongojea filamu hiyo walikuwa wengi kuliko uwanja wa ghala letu. Tukapewa hema kubwa la kuhifadhia mahindi, lililokuwa limebaki tupu. Lilikuwa refu. Hakukuwa na haja ya kioo tena. Projekta ikakaa mwisho kabisa wa hema, ikaelekea moja kwa moja kwenye shuka la mlangoni, na kinyozi akarudishiwa mali yake kwa shukrani.

Nilipoijaribu jioni ile, jina la kiwanda likatokea limenyooka. Kivuli cha pembeni kimekwenda, menyu inasomeka. Nilifurahi. Nakumbuka nilimwambia dereva wetu, "Umeona? Sasa inaonyesha inavyotakiwa."

Dereva alikuwa Msukuma wa wilaya ya Biharamulo. Wazazi wake walihamia Kaniha na ng'ombe wao kabla hajazaliwa, na kwa maoni yake vitu vingi duniani vingeenda vizuri zaidi kama vingekuwa ng'ombe. Aliangalia shuka kutoka pale ndani niliposimama, akasema, "Imenyooka, dada," akaenda kukaa nje na watu.

Kati ya watu hao alikuwapo mzee mmoja niliyemfahamu. Aliwahi kuwa fundi wa kuezeka nyumba, alikuwa na mke mwenye sauti na magoti mabovu, na wote wawili walikuwa wamekaa kambini muda mrefu kiasi cha kuwa na ukoo mpya wa majirani. Mkewe alitaka kurudi. Alishafunga vyombo kwenye kitenge, akavifungua kwa sababu sufuria ilihitajika, akavifunga tena. Mzee alisema atajiandikisha kwenye malori ya kuwarudisha watu kwao akishaona kwa macho yake kwamba ana shamba la kurudia. Neno lake lilikuwa hilo moja tu, na halikuwa neno baya. Watu walikuwa wakirudi wakakuta mtu mwingine amelima, amejenga, amezaa.

Kilima chake kilikuwa cha katikati ya filamu. Alishanieleza mara nyingi kilivyo. Njia inapanda kutoka kijito. Ukipanda, mkono wa kulia ni shamba lake, lile lenye udongo mzuri, na mkono wa kushoto ni la mdogo wake. Mdogo wake alikufa. Mjane alibaki upande wa kushoto na watoto.

Nilianzisha filamu giza lilipoingia. Mimi nikiwa ndani, nilichosikia ni watu. Mwanzoni walitulia. Baadaye pakatokea kicheko, halafu mnong'ono, halafu sauti ya mwanamke: "Yule si mkuu wa kata? Mbona anampa mwenzake mkono wa kushoto?"

"Labda wa kulia unauma," mwingine akajibu.

"Na mkewe pia unamuuma? Tazama anavyokoroga ugali!"

"Shule imehamia ng'ambo ya barabara."

"Wameihamisha wakati tukiwa hapa. Si walisema kuna maendeleo?"

Walicheka sana. Mimi ndani nilitazama shuka na kuona mkuu wa kata anasalimia vizuri kabisa, na mkewe anakoroga ugali kama mama yangu. Nikasema moyoni, watu hawa wamechoka, wanatafuta kisingizio. Nilikuwa nimewahi kuandika karatasi ya kurasa nyingi kuhusu jinsi watu waliohamishwa wanavyokataa habari njema. Nilipata alama nzuri.

Kilipofika kilima cha yule mzee, kicheko kilikwisha, maana watu walimheshimu na walijua analotafuta. Kwenye shuka, mjane wa mdogo wake alionekana akipanda njia, kamera ikimfuata. Upande mmoja wa njia palikuwa na migomba mizuri, maharage, na uzio mpya wa miti. Upande wa pili palikuwa na majani marefu na vichaka tu. Mjane alisimama kando ya uzio, akaonyesha kwa mkono, akasema jambo ambalo upepo ulilichukua.

Filamu ilipokwisha nikatoka nje nikifuta mikono, nikitegemea shukrani. Mzee alikuwa bado amekaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona."

"Umeona shamba?"

"Nimeona limelimwa." Alisema polepole, bila hasira. "Migomba imewekwa kwangu. Uzio umewekwa kwangu. Lake yeye amelitupa likawa kichaka, amehamia kwenye udongo wangu mzuri. Ana haki. Mtu akikaa peke yake na watoto, anakwenda palipo na udongo."

Mkewe akaingilia. "Si uende ukamwambie atoke? Shamba ni lako!"

"Nikamtoe mjane wa ndugu yangu? Mbele ya watoto wa ndugu yangu?" Akanitazama mimi badala ya mkewe. "Sirudi. Uwaambie wa malori. Kuna wengine watakaotaka nafasi."

Nikamwambia kwamba hakika kuna makosa, kwamba nimeona wazi shamba la kulia liko tupu. Aliniuliza kwa upole, "Kulia kwako ni wapi?" Na mimi, mbele ya watu wote wale, nikauangalia mkono wangu kwanza.

Njiani kurudi ofisini nililalamika. Nilimwambia dereva kwamba watu wameona picha ile ile niliyoona mimi, lakini wanaona mambo yao.

Dereva akabadilisha gia. "Dada, hao Warundi wote ni mashoto?"

"Mashoto wa nini?"

"Wanatumia mkono wa kushoto. Wote. Hata mtoto aliyekuwa anachapa ng'ombe. Nikasema labda ndivyo walivyo, sikutaka kuuliza, mtu anaweza kusema unamdharau."

"Mbona mimi sikuona hivyo?"

"Wewe si ulikuwa ndani?"

Alisema hivyo akikwepa shimo, wala hakuona kwamba amesema kitu. Na mimi sikuona papo hapo. Niliona baada ya kilomita kadhaa, nikiwa natazama kioo cha pembeni cha gari, ambamo lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa na jina lililowaka kwa taa, likisomeka kinyume.

Kesho yake alasiri, kabla watu hawajafika, tulirudi hemani, tukateremsha turubai pande zote. Nikawasha projekta, nikaita menyu kwenye shuka, nikatoka nje. Menyu ilikuwa kinyume. Nikaingia ndani: imenyooka. Nikatoka tena: kinyume. Nilitoka na kuingia mara nyingi hivi kwamba dereva akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jambo lenyewe, nikilieleza leo, ni aibu kwa urahisi wake. Shuka ukilitazama kwa nyuma, kulia kunakuwa kushoto. Kioo nacho kinageuza kulia kuwa kushoto. Kwenye ghala la kwanza vyote viwili vilikuwapo, kimoja kikaigeuza picha na kingine kikairudisha, kwa hiyo watu wa nje waliona sawasawa, na aliyeona kinyume nilikuwa mimi peke yangu mle ndani. Tulipohamia hema refu tukaondoa kioo, kikabaki kitu kimoja kinachogeuza. Sasa mimi nikaona sawasawa, na watu wote wa nje wakaona kinyume. Nilichokiona kama maendeleo kilikuwa ndiyo hitilafu yenyewe. Kwa anayeonyesha kwa nyuma ya shuka, maandishi yakinyooka kwake ajue yamepinda kwa wageni. Hata jina la kiwanda waliliona limegeuka, lakini jina la kiwanda cha ng'ambo ya bahari, nani angejua linavyotakiwa kusomeka?

Nikaipekua menyu hadi chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kufika. Palikuwa na vijipicha vinne: projekta iliyo mezani mbele ya pazia, projekta iliyo mezani nyuma ya pazia, projekta iliyoning'inizwa darini mbele, na iliyoning'inizwa darini nyuma. Muda wote ule mashine ilikuwa inaniuliza niko wapi, na mimi sikujibu. Nikachagua ya pili. Shuka likageuka mara moja, kama mtu anayejigeuza kitandani. Ndani nikaona kinyume. Nje pakawa sawa.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nikamfuata mzee na mkewe nikawaomba waje tena jioni, na wengine wote waje, kuna marekebisho. Walikuja wengi kuliko siku ya kwanza, maana habari kwamba ofisi imekosea huvutia watu kuliko filamu yoyote.

Nikaonyesha. Mkuu wa kata akasalimia kwa mkono wa kulia, watu wakapiga makofi. Shule ikarudi mahali pake, watu wakapiga vigelegele. Kikaja kilima cha mzee. Mjane akapanda njia. Migomba, maharage na uzio vikawa mkono wa kushoto, na upande wa kulia pakawa na majani marefu, tupu, hapajaguswa. Mke wa mzee alipiga kelele ya furaha iliyosikika mpaka ndani ya hema.

Nikatoka mbio. Mzee alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Mzee, umeona? Liko wazi! Lile la jana lilikuwa limegeuka."

"Nimeona." Akafikiri. "Jana shamba langu lilikuwa limeliwa. Leo limetapikwa. Mwanangu, ni wewe unayelima?"

Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa upande wangu. Nikaanza kueleza habari ya shuka na upande wa nyuma. Nilitumia mikono yangu yote miwili, jambo ambalo halikusaidia. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Umeigeuza vipi?"

"Kwa kubonyeza tu. Kuna sehemu yake mle ndani."

"Nionyeshe."

Ningekuwa na busara ningekataa. Lakini nilikuwa mtu wa habari za kweli, na ukweli ulikuwa kwamba mashine ina vitufe. Nikamwingiza ndani ya hema, nikarudisha filamu hadi kwenye kilima chake, nikaisimamisha hapo. Nikabonyeza: migomba ikaenda upande huu. Nikabonyeza: ikaenda upande ule. Watu wa nje wakawa wanashangilia kila inapohama kama wanaotazama mpira.

"Na hizi mbili nyingine?" akauliza, akionyesha vijipicha vya projekta zilizoning'inia.

"Hizo ni za kufunga mashine darini. Ikifungwa darini inakuwa imelala kifudifudi, kwa hiyo picha nayo lazima igeuzwe, juu iwe chini."

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Kilima chake kikaning'inia kutoka angani, migomba vichwa chini, kijito juu kabisa, na mjane wa mdogo wake akiwa ameshikilia dunia kwa nyayo kama popo. Nje walianguka kwa vicheko. Watoto wakaomba irudiwe. Mzee peke yake hakucheka.

"Kumbe," alisema. "Unaweza hata kuiweka nchi yangu juu chini, na mimi nikakaa hapa nikatazama."

Nilikuwa na maelezo ya kutosha, lakini maelezo na jibu ni vitu viwili. Kwa kuirekebisha picha nilikuwa nimempa kilima cha pili, na mtu aliyepewa vilima viwili hana hata kimoja. Siku ya kwanza aliiamini filamu ikamdanganya. Siku ya pili ikamwambia kweli, na yeye alikuwa ameshaona kidole kinachobonyeza.

Mkewe alikuwa ameingia nyuma yetu. "Wewe mzee, huoni mama huyu anasema kweli? Uso wake unatoka jasho!"

"Hata anayedanganya hutoka jasho. Hema hili lina joto." Akanigeukia. "Sisemi unadanganya, mwanangu. Nasema siwezi kwenda kulala nje na mke wangu na magoti yake kwa sababu ya kitu kinachogeuzwa kwa kidole. Nitafutie mtu wa kunijibu."

Ofisini nilieleza tatizo langu. Mkubwa wangu aliuliza kwa nini nisimwambie tu mzee aniamini. Nikamwambia nimejaribu. Akauliza ilikuwaje nikamwonyesha vitufe. Nikajifanya natafuta faili.

Lakini upande wa pili wa mpaka tulikuwa na mwenzetu, kijana wa Kirundi mwenye pikipiki na simu ya mkononi, ambaye kazi yake ilikuwa kutembelea vilima hivyo hivyo. Nilimwomba apitie kwa mjane, anisubirie, anipigie akiwa naye. Alisema mtandao unapatikana karibu na nyumba ya mjane kama utasimama juu ya kichuguu. Kwetu nako mtandao ulipatikana Ngara mjini, juu, penye upepo, si kambini. Ikabidi mzee na mkewe waombewe kibali cha kutoka, wapande gari letu, wakae nyuma wakishikilia viti, mkewe akiuliza kila kona kama tumefika Burundi.

Tukaegesha. Dereva akazima injini ili tusikie. Tulikaa, tukala ndizi za kuchoma, tukakaa tena. Simu ilipolia niliipokea, nikasikia upepo wa kilima kingine, nikaweka spika, nikamshikisha mzee. Aliishika mbali na uso kama kitu cha moto.

"Ni wewe?" akauliza kwa Kirundi.

"Ni mimi. Nani mwingine angenisimamisha juu ya kichuguu?" Sauti ya mjane ilikuwa ya mtu aliyeacha kazi katikati. "Mko salama? Dada mkubwa magoti yake?"

"Mabovu!" mkewe akapaza.

"Subirini, niulize jambo," mzee akasema. Hakumwuliza kulia wala kushoto. Nilimwona akipanga swali lake kama anavyopanga nguzo za nyumba. "Ukitoka mlangoni kwako asubuhi, jua linakupiga wapi?"

"Jua? Linanipiga usoni. Unataka linipige wapi?"

"Kwa hiyo hujahama. Mlango ni ule ule mdogo wangu aliouweka, unaotazama njia na jua; kwangu, mlango wa kutazama njia ungelipa jua kisogo."

"Nihamie wapi na watoto wote hawa?"

"Ukisimama hapo mlangoni na jua usoni, ukavuka njia, unakanyaga nini?"

Nilisikia yule kijana wa pikipiki akimwambia mama asogee, mtandao unakatika.

"Nakanyaga majani yako," mjane akasema. "Majani marefu, yana nyoka. Nimeweka uzio upande wangu kwa sababu mbuzi wa watu wanapita kwako wanakuja kula maharage yangu. Walikuja wenye kamera nikawaambia hivyo, nikawaonyesha kwa mkono: kule ni kwa shemeji, hakuna aliyelima, kila mwaka wananiomba nawakatalia. Hawakukuletea maneno hayo?"

Mzee alinitazama. Nilitazama mlima.

"Yaliletwa," akasema. "Upepo uliyachukua."

"Basi sikia sasa hakuna upepo. Nimechoka kukataa. Mtu akikataa peke yake kila mwaka, mwisho watu wanasema ni mchoyo, anajiwekea mwenyewe. Mnakuja au niwaruhusu walime?"

Mkewe alikuwa amemshika mzee mkono, wala sikujishughulisha kutafuta ni upi.

"Usimruhusu mtu," mzee akasema. "Tunakuja na malori."

"Haya. Mje na majembe yenu," mjane akasema, "hapa hakuna la kuazima." Na kabla mzee hajapata la kumjibu, akashuka kwenye kichuguu na simu ikakatika.